Kanzu moja, madoa mawili ya rangi moja

Siku ya pili ya Idd nilikuta madoa mawili kwenye kanzu nyeupe ya baba watoto, moja kifuani na jingine begani. Yote yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano. Kwa kuwa jana yake tulikula biriani, sikujiuliza mara mbili. Nikayapaka yote sabuni ya mche na kuyasugua.

Doa la kifuani likageuka jekundu kama tofali. La begani halikutikisika. Nikaogopa, nikachukua dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe na kumimina kotekote. La kifuani likafifia, lakini la begani likazidi kukolea. Nikaipeleka kanzu kwa dobi wa mtaani kwetu. Aliitazama kidogo, akauliza, "Mama, nguo hii ilianikwa wapi?"

Iliangikwa kwenye waya wa seng'enge. Doa la begani lilikuwa kutu.

Tangu hapo sigusi doa kabla ya kuuliza limetoka wapi, maana rangi peke yake inadanganya. Bizari ya manjano, kutu na chai iliyokauka vinaweza kufanana kabisa kwenye kitambaa cheupe, na kila kimoja kina dawa yake.

Bizari hujifichua yenyewe. Sabuni ikiigusa huwa nyekundu, na ukiidondoshea ndimu hurudi manjano. Kwa hiyo ule wekundu ulionitisha ulikuwa jibu, laiti ningejua kuusoma. Rangi ya bizari hushikana na mafuta ya chakula, hivyo anza na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ipake kavu juu ya doa, iache robo saa, kisha suuza. Mafuta yakishatoka, kilichobaki ni kazi ya jua. Anika nguo ikiwa mbichi, doa likielekea juani, na kila ikikauka ilowanishe tena. Mwanga huivunja ile rangi, na doa jepesi laweza kuisha kwa siku moja, zito kwa siku mbili tatu. Ila kwa nguo ya rangi uwe mwangalifu, kwani jua hilohilo huipausha nayo.

Kutu ni chuma, si rangi ya chakula, na sabuni haiwezi kukiyeyusha. Klorini ndiyo hukikaza zaidi. Utakitambua kwa mahali kilipo: kando ya zipu, chini ya kifungo cha chuma, au kwenye mstari ulionyooka pale nguo ilipokunjwa juu ya waya. Dawa yake ni asidi. Dobi alinisuuzisha kanzu ile kwa maji matatu kwanza, kwa sababu klorini ikikutana na ndimu hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Kisha akakamulia ndimu juu ya doa hadi likalowa, akanyunyizia chumvi, akaitandaza juani kwa muda wa saa moja. Tulirudia mara tatu, na kila mara tukasuuza vizuri, maana asidi ikiachwa ikaukie kwenye pamba hudhoofisha nyuzi.

Chai hutambulika kwa ukingo wake. Ikikauka huacha duara lenye ukingo mweusi kuliko katikati. Chai ya rangi huitikia siki, kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji, kabla ya sabuni. Chai ya maziwa ianze na maji baridi, kwa sababu maji ya moto hupika maziwa ndani ya nyuzi.

Mafuta matupu hayana rangi ya kukuonyesha. Inua nguo kwenye mwanga: pale penye mafuta huonekana kama pamelowa hata nguo ikiwa kavu. Nyunyizia unga wa ngano au poda, acha ufyonze, pukuta, ndipo upake sabuni ya vyombo.

Wino wa peni usiutie maji kwanza. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, lowesha pamba kwa spiriti, gonga taratibu kutoka upande wa nyuma, na ubadilishe kitambaa cha chini kila kinapochukua wino. Ukisugua, utautawanya. Jaribu spiriti kwanza kwenye pindo la ndani, uone kama rangi ya nguo inahama.

Na pasi isikaribie doa lolote ambalo bado linaonekana, kwa kuwa joto hulikaza. Kanzu ile niliipiga pasi siku ya nne, baada ya kuigeuza dirishani na kuikagua bega lote. Kifua kilikuwa cheupe. Begani pamebaki kivuli chepesi cha kutu, na naamini kingetoka chote kama ningeanza na ndimu.