Kabla ya "Amma baad": unavyofungua hotuba ya Ijumaa

Vijana wanaopangiwa zamu ya kuhutubu Ijumaa huja kuniuliza mada. Mimi huwauliza kwanza watafungua vipi, maana mada ikiwa dhaifu Ijumaa yenu bado ni Ijumaa, lakini ufunguzi ukikosa nguzo hotuba haijasimama. Nazungumza kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo wengi wetu huku pwani tunayafuata.

Salamu ni ya mara moja. Ukishapanda, wageukie watu, useme "Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh", kisha ukae. Muadhini ataadhini. Adhana ikiisha unasimama na kuanza moja kwa moja na kumhimidi Mwenyezi Mungu. Hapa wengi hutoa salamu ya pili, na nimewahi kumsikia mmoja akiirudia mpaka mara tatu kwa sababu eti waumini wameitikia kwa unyonge. Hilo ni la mihadhara. Vivyo hivyo "waheshimiwa masheikh, wageni wetu kutoka mbali, kamati ya msikiti": kama kuna wa kutajwa, atajwe kwenye mawaidha ya Kiswahili kabla ya adhana, au baada ya swala.

Sasa ufunguzi wenyewe. Nguzo za hotuba ni tano. Tatu zinatakiwa katika hotuba zote mbili: kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume na kuusia takwa. Aya inatosha kusomwa katika mojawapo, na dua ya kuwaombea waumini huwa katika ya pili. Nguzo hizi husemwa kwa Kiarabu, hata msikiti wenu ukihutubu kwa Kiswahili. Kwa hiyo "kwanza kabisa tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha" ni maneno mazuri, ila hayahesabiwi.

Himidi lazima itaje hamdu na jina la Allah: "Alhamdu lillahi". Ukisema "Subhanallah" au "Ashshukru lillahi" hujaitimiza. Swala ya Mtume nayo imtaje waziwazi: "Allahumma swalli alaa Muhammad." Mhutubu aliyekwisha kumtaja mara moja, halafu akasema tu "swallallahu alayhi" akitegemea kiwakilishi, hajaitimiza nguzo hiyo. Kwenye wasia kuna nafasi zaidi, kwani hakuna lafudhi maalumu. "Uswiikum wanafsii bitaqwallah" imezoeleka, na hata "Atwiiullah" inatosha.

Aya nayo iwe yenye maana kamili. "Thumma nadhwar" ni aya nzima katika Suratul Muddaththir, lakini haitoshi, kwa kuwa msikilizaji habaki na jambo. Wengi husoma aya ya 102 ya Aali Imran, inayoamrisha takwa. Ni chaguo zuri, ila usiihesabu kuwa aya na wasia kwa pamoja. Kitu kimoja hakibebi nguzo mbili. Usia kwa kinywa chako, kisha usome.

Mimi hufungua hivi, na kijana anaweza kuhifadhi kwa jioni moja: "Innal hamda lillahi, nahmaduhu wanastaiinuhu wanastaghfiruh", shahada mbili, "Allahumma swalli wasallim alaa Muhammad wa alaa aalihi waswahbih", kisha "Amma baad: Uswiikum wanafsii bitaqwallah", kisha aya. Hapo ndipo ninapoingia kwenye Kiswahili. Ukiyasema bila papara hayafiki dakika mbili. Usiyavute kwa mahadhi marefu. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume amesema kurefusha swala na kufupisha hotuba ni alama ya mtu kufahamu dini yake.

Panapoharibika zaidi ni hotuba ya pili. Mhutubu anakaa kidogo, kiasi cha kusoma Qul huwallahu, anasimama, anasema "Ndugu zangu, tumalizie tulipoishia" na kuingia kwenye dua. Nilikuwa safu ya mbele siku moja kijana alipofanya hivyo hivyo. Mzee mmoja pembeni yangu akamnong'oneza: "Himidi, mwanangu." Kijana akasita, akasema "Alhamdu lillah", akamswalia Mtume, akausia takwa, akaomba dua tena, akashuka. Hotuba ilitimia, kwa sababu kupanga nguzo kwa utaratibu ni sunna, si sharti. Ukikumbuka kabla ya kushuka, itamke tu uliyoiacha. Usianze kuwaeleza watu kilichotokea. Lakini ukikumbuka wakati umepita kitambo kirefu, kurudisha nguzo moja hakutoshi, kwa sababu kufululiza ni sharti. Itakubidi uanze upya kabla ya kuswali.

Kwa hiyo hotuba ya pili nayo niandikie kwenye karatasi: mistari mitatu ya Kiarabu juu, dua chini. Na salamu usiiandike kabisa, haina nafasi hapo.