Majibu ya haraka ya gesti: saa, bei na kubuku

"Naomba mfano wa majibu ya haraka ya gesti kwenye WhatsApp Business: saa za mapokezi, bei na kubuku."

Ingia Business tools, kisha Quick replies, uunde matatu tu. Ukiandika / kwenye chati yanajitokeza.

/saa
"Mapokezi: saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Kuingia kuanzia saa 8 mchana (14:00), kutoka mwisho saa 4 asubuhi (10:00)."
Mabano usiyaondoe, wageni wa nje husoma saa 4 kama alfajiri.

/bei
"Chumba cha watu wawili ni sh 40,000 kwa usiku, kwa chumba, si kwa kichwa. Chai ya asubuhi imo."
Bila "kwa chumba", wenza wawili watahesabu 80,000 na kunyamaza.

/buku
"Tutumie jina, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na idadi ya watu. Tutakujibu kama kuna nafasi."

Namba ya malipo usiiweke hapo. Mtu atalipa kabla hujaangalia daftari, chumba kimejaa, na kurudisha pesa kuna makato. Itume baada ya kuthibitisha, pamoja na kiasi cha kutanguliza na saa ya mwisho ya kukishikilia chumba. Bei ikibadilika, hariri /bei siku hiyohiyo.