Maswali na majibu: Picha 300 za samaki wa Kibirizi

Nina picha 300 nilizopiga mwalo wa Kibirizi, Kigoma: migebuka 100, kuhe 100 na sangala 100. Nikifunza modeli kuanzia sifuri, picha za mafunzo inazijua zote, lakini mpya inabahatisha tu. Nifanyeje, mwalimu?

Modeli yako inalazimika kujifunza kuona na kutofautisha samaki kwa wakati mmoja, na picha 300 hazitoshi kwa kazi hizo mbili. Hata modeli ndogo ya picha kama ResNet-18 ina vigezo takriban milioni 11, kwa hiyo ina nafasi tele ya kukariri kila picha bila kuelewa chochote. Anza na ile iliyokwisha kufunzwa kwa ImageNet, yaani picha zipatazo milioni 1.2 za aina 1,000, kisha ugandishe matabaka yake yote na kubadilisha lile la mwisho pekee:

```python
from torch import nn
from torchvision.models import resnet18

model = resnet18(weights="IMAGENET1K_V1")
for p in model.parameters():
    p.requires_grad = False
model.fc = nn.Linear(512, 3)
```

Sasa vilivyobaki kufunzwa ni vigezo 1,539 tu, na kwa idadi hiyo picha zako zinaanza kuwa na uzito. Hakikisha picha zinaandaliwa kwa vipimo na wastani wa rangi uleule uliotumika modeli ilipofunzwa mara ya kwanza, kwa sababu ukisahau hilo hutaona kosa lolote kwenye skrini isipokuwa matokeo dhaifu.

Je, kompyuta yangu isiyo na kadi ya michoro itaweza?

Itaweza. Matabaka yakiwa yamegandishwa, pitisha kila picha mara moja, hifadhi namba 512 zinazotoka kabla ya tabaka la mwisho, kisha ufunze juu ya namba hizo. Kazi hiyo huchukua sekunde chache.

Nimegandisha kila kitu kama ulivyoelekeza, lakini matokeo ya matabaka ya ndani yanabadilika kadiri ninavyofunza. Inawezekanaje?

Inawezekana, na mtego huu umewanasa wengi, nami nikiwamo. `requires_grad = False` huzuia vigezo kusahihishwa, lakini matabaka ya BatchNorm hutunza pia wastani na mtawanyiko wa namba zinazopita, na takwimu hizo huendelea kusogea kila mafungu ya picha yanapopita ikiwa umeita `model.train()`. Mafungu yako yakiwa ya picha nane nane, wastani uliotokana na picha zaidi ya milioni moja unavutwa na mabeseni machache ya samaki. Ita `model.eval()` hata wakati wa kufunza. Haizuii tabaka jipya kujifunza.

Ni lini nifungue matabaka ya ndani?

Baada ya tabaka jipya kutulia, si kabla, kwa sababu mwanzoni namba zake ni za kubahatisha na masahihisho makubwa yanayotoka humo yataharibu yale uliyoyarithi. Fungua `layer4`, yaani kundi la mwisho la matabaka ya ndani, peke yake kwa kasi ya kujifunza ya 0.00001, huku `fc` ikibaki na 0.001. Usidhani kwamba umefungua kidogo, maana `layer4` peke yake inabeba takriban robo tatu ya vigezo vyote. Usahihi wa picha za majaribio ukianza kushuka ilhali ule wa mafunzo unapanda, rudi nyuma.

Nyumbani nilipata asilimia 97, lakini nilipokwenda tena mwaloni ikakosea karibu nusu. Picha nilizipiga kwa siku sita, nikazichanganya, nikatenga 60 za majaribio.

Kosa limo katika kule kuchanganya. Picha zilizopigwa asubuhi moja zina mwanga mmoja, beseni moja na mara nyingine samaki yuleyule aliyegeuzwa upande, kwa hiyo picha za majaribio zilikuwa ndugu wa picha za mafunzo. Kama kuhe wengi walipigwa siku moja ndani ya beseni la buluu, modeli imejifunza beseni. Jipime hivi: funika samaki kwa kisanduku cha kijivu katika kila picha ya majaribio, kisha uiulize tena. Ikiendelea kupata majibu kwa wingi kupita theluthi moja, ambayo ndiyo bahati tupu kwa aina tatu zenye idadi sawa, inasoma mazingira.

Gawa kwa siku badala ya picha: funza kwa siku tano, jaribu kwa ya sita, urudie hadi kila siku iwe imejaribiwa. Aina iliyopigwa siku moja tu haitapimika kwa njia hii, na dawa yake ni kurudi mwaloni siku nyingine. Tazama hasa migebuka na sangala, kwani wote ni wa jenasi ya Lates. Tena, katika picha 60, kosa moja ni karibu pointi 1.7, hivyo asilimia 95 na 97 zinatofautiana kwa samaki mmoja.