Ditekta inamkamata nani hasa? Inategemea joto na promti

Swali la wiki: "Je, vyuo vyetu viendelee kutumia programu za kugundua maandishi ya AI kwenye kazi za wanafunzi?"

Mimi ningekuwa na uwezo ningezifuta kesho asubuhi. Nafanya kazi maabara ya kompyuta kwenye chuo ambacho sikitaji, na wanafunzi wakishaambiwa kazi yako imeandikwa na mashine huwa wanaishia mezani kwangu, wengine machozi yanawatoka. Ila kwenye huu mjadala watu wanaongea kana kwamba maandishi ya mashine ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Inategemea mashine iliwekwa joto gani na iliambiwa iandike vipi, na hilo ndo nataka kuliongelea.

Joto, kwenye setingi utaliona limeandikwa `temperature`, ni hivi. Mashine inaandika kipande kimoja kimoja, na kila hatua inayapa maneno yanayoweza kufuata asilimia zake halafu inachagua kwa bahati nasibu kufuatana na hizo asilimia. Chukua sentensi "mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi barabara ilikuwa na..." tuseme maneno yamebaki matatu tu, matope limepewa 60, madimbwi 30, vyura 10. Hapo ni joto 1. Ukishusha hadi 0.5, matope linapanda hadi kama 78 na vyura wanabaki na 2. Ukipandisha hadi 2, matope linashuka 47 na vyura wanapata 19. Yani mashine ni ileile na inajua yaleyale, kilichobadilika ni vyura wamepewa nafasi kiasi gani. Na ditekta nyingi kitu kikubwa zinachopima ni hichohicho kwa kurudi nyuma, neno lililofuata lilitarajiwa kiasi gani. Kila mstari ukiwa ni matope, zinasema mashine hii.

Sasa kuna binti wa mwaka wa tatu, utafiti wake ulikuwa wa vikundi vya VICOBA kule Kilosa. Chapta ya pili ikarudishwa, ripoti inasema sehemu kubwa ni ya AI, chapta ya nne hiyohiyo ripoti ikaipitisha bila neno. Akaja jioni watu washatoka. "Shikamoo kaka." Marahaba, kaa, nionyeshe. Akaniambia kaka mimi hii nimeandika kwa mkono kwanza, akatoa na daftari kweli, limekatwakatwa na kalamu nyekundu, mishale imetoka ukurasa huu inaenda ule.

Nikafungua GLTR, ni programu ya 2019 ya watu wa Harvard na maabara ya MIT-IBM Watson, inatumia modeli ya GPT-2, mashine ya kuandika ya miaka hiyo, na yenyewe haikupi hukumu, inapaka rangi tu. Neno likiwa kwenye maneno kumi ya kwanza ambayo GPT-2 ingeyatarajia linapakwa kijani, likiwa ndani ya mia njano, ndani ya elfu jekundu, zaidi ya hapo zambarau. Tukabandika chapta ya pili. Kijani, kijani, kijani, njano moja moja. Nikasoma kwa makini nikaona kwa nini, ni yale ya "utafiti huu umebaini kwamba", "ni muhimu kutambua kwamba", "kwa mujibu wa" yote kwa Kiingereza, namna ileile tuliyofundishwa wote tangu fomu wan kwamba Kiingereza cha kitaaluma kinaandikwa hivi. Tukabandika chapta ya nne, ikawa kama kitenge. Neno VICOBA lenyewe limevunjwa vipande vina zambarau, majina ya vijiji zambarau, "hisa" na "mfuko wa jamii" zambarau. Mwandishi ni yuleyule, Kiingereza ni kilekile.

Nikasema ngoja. Kwenye laptopu nina modeli ya wazi ndogo ambayo joto unaweka mwenyewe, nikaiambia iandike mada ya chapta yake ya pili. Kwenye 0.2 ilitoka kijani tupu na ikaanza kurudia sentensi ileile mara mbili mbili. Kwenye 1 zikaanza kutokea njano na nyekundu katikati ya kijani, na hapa ndo nilikasirika kweli, maana ile ya mashine ilionekana ya binadamu kuliko ya huyu binti aliyekaa pembeni yangu na daftari lake. Kwenye 1.6 skrini ikajaa nyekundu na zambarau, kwa rangi peke yake ungeapa ni mtu, ila ukisoma sentensi inaanza na mikopo inaishia kwenye kitu hakihusiani. Binti akasema "kaka, hii hata supavaiza asome mstari mmoja tu anaishika."

Na ndivyo ilivyo. Watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilionyesha hili 2020, maandishi yaliyochaguliwa kwa kubana kwenye maneno yanayotarajiwa yanawadanganya watu vizuri lakini ditekta inayakamata kirahisi, ukiachia maneno adimu yapite inakuwa kinyume chake.

Mtasema mwanafunzi hagusi joto. Kweli, ukurasa wa kawaida wa ChatGPT hauna hiyo setingi, wanaoipata ni wanaopitia API, njia ya waandika programu, ambako kwa modeli zinazoiruhusu inaenda 0 hadi 2. Mwanafunzi anachogusa ni promti, yani yale maelekezo anayoiandikia mashine. Na mashine hizi za kuchati zimefunzwa kujibu kwa mtindo fulani wa adabu, kwa hiyo hata joto 1 zinarudi kwenye njia ileile zisipoambiwa vingine. Ditekta haioni promti. Ukimwagia mashine majina ya vijiji, hisa na maneno ya mahojiano yako, kwake ni ya kawaida kwa sababu umempa wewe, kwa ditekta ni mshangao mtupu. Watu wa Stanford mwaka 2023 walipitisha insha 91 za TOEFL za wanafunzi wa Kichina kwenye ditekta 7, kwa wastani zaidi ya nusu zikaitwa za mashine na zimeandikwa na watu. Halafu wakaiambia ChatGPT ipandishe insha zake yenyewe kwa lugha ya kifasihi, ditekta zilizokuwa zinazikamata kwa wingi zikaanza kuziachia nyingi. Promti ya mstari mmoja tu.

Kwa hiyo nani anakamatwa? Aliyebandika swali la mwalimu kama lilivyo na kubeba jibu kama lilivyo. Na hapa naandika nikijikuta napunguza ukali, maana hao wapo na ni wengi, nawaona hapahapa maabara, na ditekta kwao inafanya kazi. Basi viendelee, lakini kama sababu ya kumwita mwanafunzi aje na rasimu zake aeleze, basi, isiwe ya kumpa sifuri. Chapta ya pili iangaliwe kwa huruma zaidi kuliko ya nne maana kijani cha pale ni cha kufundishwa. Na asiyekamatwa asihesabiwe msafi.

Kazi za Kiswahili nazitoa kabisa kwenye hili, angalau kwa ditekta zinazotegemea modeli za aina ya GPT-2. Ile ililishwa karibu Kiingereza kitupu, kwake kila neno letu ni geni, hata mashine ikiandika Kiswahili kwenye joto 0 rangi zitakuwa kama kitenge vilevile.