Hisa za bei ya chini, kodi ya bei ya juu: maswali kutoka Tanga

Shikamoo mzee. Kazini walinipa haki ya kununua hisa 5,000 kwa shilingi 400 kila moja. Mwezi uliopita nimezinunua zote. Kufika mwisho wa mwezi, mshahara umeishia kwenye kodi na bado wananidai. Sijauza hata hisa moja! Nimeibiwa? (Fundi umeme, Pongwe)

Marahaba mwanangu. Hukuibiwa, ila mtu alipaswa kukukalisha chini kabla hujatia sahihi.

Umeniandikia kwamba siku hisa zilipoingia kwako, soko lilifunga kwa shilingi 1,150. Wewe umelipa 400. Hiyo 750 inayobaki juu ya kila hisa haikushuka kutoka mbinguni. Umeipata kwa sababu wewe ni mfanyakazi wao, maana mpita njia wa Barabara ya Ishirini asingeuziwa kwa bei hiyo. Kwa hiyo Sheria ya Kodi ya Mapato inaihesabu kama sehemu ya ujira wako, sawa na gari au nyumba ya kampuni. 750 mara 5,000 ni shilingi 3,750,000, na hayo ndiyo mapato yaliyoongezwa kwenye mshahara wa mwezi huo.

Sasa twende kwenye hati yako ya mshahara. Ukishatoa NSSF, mshahara wako wa kutozwa kodi ni 1,200,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, anayezidi milioni moja kwa mwezi hulipa 128,000, na asilimia 30 ya kile kilichozidi milioni. Kwa kawaida, basi, PAYE yako, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni 188,000. Mwezi ule mapato yakawa 4,950,000, na kodi ikapanda hadi 1,313,000. Ongezeko ni 1,125,000, yaani asilimia 30 kamili ya ile nafuu ya hisa. Kodi imeuzidi mshahara kwa 113,000, na hilo ndilo deni unaloliona. Hesabu ya karani wa mishahara imenyooka.

Kilichokuumiza ni kwamba kodi imedaiwa kwa fedha taslimu wakati faida yako imekaa kwenye hisa. Ulihitaji milioni mbili za kununulia, na zaidi ya milioni moja ya kodi, zote ndani ya mwezi mmoja. Waliozoea mambo haya huuza sehemu ya hisa siku zile zile ili zilipe kodi ya zilizobaki. Kwako wewe, kuuza kama 1,020 kwa bei ile kungetosha kodi ya hisa na kamisheni ya dalali, na ungebaki na karibu 4,000. Bado unaweza kufanya hivyo, lakini kwa bei ya leo. Na sharti usome masharti ya mpango wenu kwanza, kwani kampuni nyingine hukataza kuuza kwa muda fulani. Mwenye kifungo cha namna hiyo atafute fedha ya kodi mahali pengine kabla hajanunua.

Mimi nilifundishwa kwamba hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, hazina kodi. Mume wangu amenunua za kazini kwao, amekatwa laki kadhaa. Nani mkweli? (Mwalimu, Chumbageni)

Wote wawili, mwalimu, ila mnazungumzia vipande viwili vya safari.

Msamaha unaoujua unahusu faida ya kuuza. Mkazi wa Tanzania akiuza hisa zilizoorodheshwa DSE kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia, faida ile haitozwi kodi. Alichokatwa mumeo ni cha kabla ya hapo, yaani tofauti ya bei ya soko na bei aliyopewa kazini. Hiyo ni ya ajira, na msamaha wa soko hauigusi. Tuseme hisa ilikuwa 1,150 siku aliyoipata kwa 400, kisha akaiuza 1,500. Ile 750 ya kwanza inakwenda kwenye PAYE. Ile 350 ya juu ni yake yote.

Gawio nalo lina kodi yake, asilimia 5 kwa kampuni ya DSE, na hukatwa kabla halijamfikia. Asishangae.

Mzee, mimi ndiye karani wa mishahara mwenyewe. Barua za haki ya kununua hisa zilitolewa 2022 hisa ikiwa 420. Mfanyakazi kajaza fomu tarehe 3 bei ikiwa 1,090, hisa zikaingia akaunti yake ya CDS, ile inayotunza hisa za mtu, tarehe 10 bei ikiwa 1,150. Bosi anataka tutumie 420. (Mabawa)

Bosi wako anatafuta unafuu pasipo na mlango. Kwa 420 nafuu ingekuwa shilingi 20 tu kwa hisa, na kila mtu angefurahi mpaka mkaguzi afike.

Barua ya 2022 ilikuwa ahadi. Mfanyakazi hakulipwa kitu siku ile, angeweza hata kuacha kazi na ahadi ikafa. Mapato ya ajira huhesabiwa yanapopokewa, na mali inayotolewa hupimwa kwa thamani ya soko wakati wa kutolewa. Kwa hiyo 420 iwekeni kando.

Kati ya tarehe 3 na tarehe 10, mimi ningeshika siku ambayo hisa zimekuwa zake kweli. Ikiwa kwa masharti yenu anazipata pale zinapoandikwa CDS, basi ni tarehe 10. Kwa mtu mwenye hisa 5,000, tofauti ya siku hizo saba ni 300,000 ya mapato, sawa na 90,000 ya kodi, si ya kupuuza. Chapisheni bei ya kufunga ya siku hiyo kutoka DSE, iwekeni kwenye faili pamoja na fomu, na mtumie kanuni hiyo hiyo kwa wote. Anayechagua tarehe kwa kila mtu kulingana na bei iliyo chini hujulikana haraka. Mkaguzi akipanga majina kwa tarehe tu, anaona.

Na usisahau kwamba PAYE hiyo inatakiwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo hisa zilipita idara ya sheria bila idara ya mishahara kuambiwa, kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka benki. Miaka miwili baadaye kampuni ikadaiwa kodi ambayo haikuikata, pamoja na riba, na nusu ya wahusika walikuwa wameshaacha kazi.

Nilinunua kwa 400 soko likiwa 1,150, nikakatwa kodi. Leo hisa ni 700. Si nirudishiwe? (Raskazone)

Pole, lakini hapana. Kodi yako ilipimwa siku ile na haifuati bei inavyopanda na kushuka. Hasara ya 450 ni ya uwekezaji, nayo haiwezi kupunguza mapato ya mshahara. Tena kwa kuwa faida ya kuuza hisa za DSE haitozwi kodi, hasara yake nayo haipunguzi kodi nyingine.

Linaloweza kukurudishia fedha ni kosa la hesabu. Chukua hati ya mshahara ya mwezi ule, utafute kiasi kilichoongezwa kwa ajili ya hisa, ukigawe kwa idadi ya hisa zako. Ukipata 750, ndiyo mwisho wa habari. Ukipata 1,150, karani alisahau kutoa zile 400 ulizolipa mwenyewe. Nenda na risiti yako ya malipo ofisini, umdai arekebishe ritani ya mwezi ule.