Benki milioni 5.2, za kutumia laki 7 tu

"Mimi mweka hazina wa kikundi, benki kuna 5,200,000, mwenyekiti anataka tulipe kodi ya ofisi laki 9. Mfadhili alitupa milioni 6 za kisima, tumetumia milioni 1 na nusu. Inakuwaje?"

Ndugu, salio la benki litakudanganya hapo. Za kisima zimebaki 4,500,000, hizo zina masharti hata kama zimekaa akaunti moja na michango yenu, kwa hiyo pesa huru ni laki 7 basi. Ukilipa laki 9 ushachota laki 2 za kisima, na hata mkisema tutarudisha ada zikiingia bado mmevunja masharti, labda mfadhili akubali kwa maandishi kabla hamjalipa. Kwenye daftari chora safu mbili, huru na kisima, safu ya huru ikisoma hasi ujue mshagusa za watu. Ila soma mkataba vizuri, mingine inaruhusu sehemu kidogo iende kwenye uendeshaji, mimi nilihangaika mwaka mzima kulipa nauli za kamati mfukoni kumbe kipengele kipo ukurasa wa tatu hahaha. Na zile mlizotenga wenyewe kikaoni kwa ajili ya sherehe bado ni huru, kikao kingine kinaweza kuzipangia kodi.