Maswali na majibu: "Mzigo utafika Ijumaa"

*Nauza dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Nikiwaandikia wateja wapya wa Dodoma kwamba mzigo utafika ndani ya siku sita, wanajibu haraka. Lakini nimeshachelewa mara kadhaa na wamenikimbia. Niandike siku ngapi?*

Dada yangu, kwanza niambie mzigo uko wapi wakati unaandika. Ukiwa stoo, umefungwa kwenye magunia, unayemtegemea ni mwenye lori tu. Ukiwa bado ziwani, unautegemea mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kali taa haiwavuti tena, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Halafu kuna kuanika: jua likiwaka vizuri siku moja inatosha, lakini mawingu ya masika huifanya mbili au tatu, na wakilowa mvua wanageuka rangi na kuvunjika, unabaki na mzigo wa chakula cha kuku.

Fungua daftari uandike tarehe mteja aliyoagiza na tarehe aliyopokea, kwa mizigo 10 iliyopita. Tuseme umepata siku 4, 4, 5, 5, 5, 6, 6, 7, 9 na 12. Wastani wake ni siku 6 na kidogo, na nadhani hapo ndipo ulipoitoa ile sita yako. Sasa hesabu upya: mizigo iliyofika ndani ya siku 6 ni 7 tu. Wateja watatu kati ya 10 uliwaambia uongo bila kukusudia. Ukiandika 9, anayekosa ni mmoja.

Mimi ningeandika hivi: "Mzigo ulioko stoo unapakiwa kesho yake baada ya malipo ya awali. Ukiwa haupo stoo, hesabu siku 9, na mwezi ukiwa mkubwa hadi 12. Siku ya tano nitakupigia nikwambie umefikia wapi." Ile simu ya siku ya tano iko mikononi mwako, kwa hiyo iahidi bila wasiwasi. Na kabla ya kutuma ujumbe, angalia kalenda. Mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 au 30, kwa hiyo huu si msiba wa kushtukiza.

*Wenzangu wote sokoni wanaandika "siku tatu". Mimi nikiandika tisa si nitakosa wateja?*

Wengine utawakosa, sikufichi. Mwenye duka ambaye rafu zake zimeshakuwa tupu atamfuata wa siku tatu. Mama ntilie mwenye akiba ya wiki mbili, au mwenye kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo anayepanga mwezi mzima, anataka tarehe isiyoyumba. Waandikie hao kwanza. Yule wa haraka mwandikie siku ambayo magunia yapo stoo, na umtajie idadi yake: "Leo nina magunia 14." Hapo hata siku tatu unaweza kuzisema, lori likiwa limeshapatikana.

*Mimi nawauzia wafugaji wa kuku. Kwenye ujumbe naandika "kuku wako watataga zaidi ndani ya wiki mbili". Kuna ubaya gani, kaka?*

Ubaya ni kwamba huwajui kuku wenyewe. Kutaga kunategemea umri wa kuku, maji, mwanga, magonjwa na uwiano wa chakula kizima, na dagaa ni sehemu tu ya mchanganyiko huo. Mwenye kuku wazee atafuata maelekezo yako yote asione yai la nyongeza, kisha atalaumu dagaa wako.

Ahidi kitu unachoweza kukipima. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, na mnunuzi hulipia mchanga huo kwa bei ya dagaa. Chukua kilo moja, ichekeche vizuri, pima kilichodondoka. Ukipata gramu 60, hiyo ni asilimia 6. Rudia kwenye magunia matano tofauti, kisha andika kiwango kibaya kuliko vyote ulichokipata: "Mchanga hauzidi gramu 80 kwa kilo, chekecha mwenyewe ukipokea." Nao walioanikwa kwenye vichanja wataje peke yao, usiwachanganye gunia moja na wa mchangani. Habari ya mayai mwachie mfugaji aisimulie mwenyewe akiona mabadiliko.

*Nimeahidi Ijumaa. Leo ni Jumanne na mvua haijakatika tangu Jumapili. Nisubiri kidogo nione?*

Usisubiri, mpigie leo. Mwaka mmoja nilinyamaza hadi Alhamisi jioni nikiomba jua, na mnunuzi akawa ameshakodi kirikuu cha kuja kuupokea mzigo stendi. Hela ya gari nililipa mimi. Mwambie dagaa wangali wabichi kwenye vichanja, mpe tarehe mpya yenye siku mbili za akiba, na umuulize kama atapokea nusu iliyokauka au anataka malipo yake ya awali yarudi.